Maneno ya Bango la Duka la Usiku Katika Mwezi wa Ramadhani
(Mhadhara kwa wenye maduka, Ngamiani, Tanga)

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wenye maduka ya Ngamiani na Makorora, ahsanteni kwa kuitika. Na majirani zetu Wakristo mliokuja, karibuni sana, kwa sababu nanyi mnawauzia wafungaji.

Nimeletewa bango la duka moja la hapa mjini, mwenyewe ameniruhusu nilisome. Limeandikwa hivi: "OFA KABAMBE YA RAMADHANI! USILALE NJAA! TUKO WAZI HADI USIKU WA MANANE!"

Tujiulize bango hili anasoma nani. Duka liko njia ya msikitini. Msomaji wake ni baba aliyetoka tarawehe, kanzu mwilini, mtoto mkononi, na nyumbani ameagizwa kitu cha daku. Kumwambia mtu aliyefunga kwa hiari na kwa ibada "usilale njaa" ni kumkosea adabu, ingawa mwandishi hakukusudia. Na "usiku wa manane" kwake ni saa ngapi? Mwingine atakuja saa 7, mwingine saa 9, na huyo wa saa 9 atakuta kufuli. Akirudi mikono mitupu usiku ule, kesho hasomi tena bango lako.

Kwa hiyo tuliliandika upya: "Ukitoka tarawehe, tupo. Unga, sukari, nazi, maziwa na mayai ya daku. Duka wazi mpaka saa 8 usiku. Saumu njema."

Tazameni lilivyokaa. Linaanza na pale mteja alipo. Linataja vitu ambavyo kweli huisha nyumbani usiku, si kila kilichomo dukani. Saa imeandikwa kwa hesabu yetu, na neno "usiku" limekaa pembeni yake. Ukiandika "2:00" kama simu inavyoonyesha, yuko atakayedhani ni saa 2 usiku, wakati watu wengine bado wako kwenye sala. Saa hiyo pia iwe ya kweli. Kama kijana wako hawezi kukesha mpaka saa 8, andika saa 6, na ubaki hapo mwezi mzima.

Alasiri bango jingine litatumika, maana haja ni nyingine. Mtu anakimbizana na futari: muhogo uko jikoni, tui limepungua, tambi hazina sukari. Hapo maneno yawe machache zaidi: "Nazi, sukari, tambi, tende. Hupangi foleni ndefu, magharibi inakukuta kwako." Lakini sharti uwe na watu wawili kaunta, vinginevyo foleni yenyewe itakukanusha. Yule mzee mwenye bango aliongeza mstari mmoja nilioupenda kuliko yote: "Adhana imekukuta njiani? Tende na maji yapo mlangoni, hayauzwi." Nilimwomba asiweke jina la duka juu ya sinia lile, akakubali. Sadaka ibaki sadaka.

Yapo ya kuacha kabisa. Msiandike aya wala jina la Mwenyezi Mungu kwenye karatasi za kugawa na mifuko, kwa sababu mifuko hiyo mtaikuta mtaroni asubuhi. "Ramadhani Karim" inatosha. Msimwahidi mteja thawabu kwa kununua kwenu, hilo si letu kuligawa. Msiandike "kwa waliofunga tu", wala kijana wa kaunta asimuulize mtu anayenunua maji mchana kama amefunga. Yupo mgonjwa, yupo msafiri, yupo mama mwenye udhuru wake, naye hana haja ya kujieleza mbele ya watu. Na kipaza sauti kinyamaze tangu adhana ya isha mpaka tarawehe ziishe.

Kuhusu bei, mstari wenye nguvu kwa Tanga hii ni "Sukari kwa bei ile ile ya Shaabani", kwa kuwa kila mama anaikumbuka bei ya Shaabani. Uandikeni tu kama mzigo mlioununua kabla unatosha. Ukiisha na bei ya jumla ikapanda, ondoeni mstari siku hiyo hiyo kabla duka halijafunguliwa. Anayeufunika kwa karatasi baada ya mteja kufika kaunta amechelewa.

La mwisho ni tarehe. Mwezi huwa wa siku 29 au 30, na hatujui mpaka uandame. Ukichapisha "mpaka tarehe fulani", huenda ukatangaza daku usiku wa kuamkia Idi. Andikeni "mpaka mwezi uandame", na muwe na kipande cha pembeni tayari: "Idi Mubarak. Usiku huu tuko wazi kwa ajili ya unga, nazi na viungo vya pilau." Usiku ule mama wengi hupata habari ya mwezi wakiwa hawajanunua kitu. Mwandamo ukitangazwa, kijana apande ngazi akibandike hapo hapo.