Bonasi ya hiari na mpaka wa hiari hiyo

Ndugu zangu, karibuni. Leo nataka tukae na sentensi moja inayopatikana katika mikataba mingi ya ajira: "Bonasi italipwa kwa hiari ya mwajiri." Mfanyakazi akiisoma hukata tamaa, na mwajiri naye hudhani imemfungulia kila mlango. Wote wawili wamekosea, na kesi ninayoipenda kuifundishia ni ya Uingereza, Clark dhidi ya Nomura, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2000.

Bwana Clark alikuwa mfanyabiashara wa hisa katika benki ya Nomura. Mkataba wake ulisema bonasi ni ya hiari, haina uhakika wowote, inategemea utendaji wake binafsi, na kwamba lazima awe bado kazini siku ya malipo. Februari 1997 akapewa notisi. Siku ya malipo ilipofika, notisi ilikuwa haijaisha, kwa hiyo kisheria alikuwa bado mwajiriwa. Kwa kipindi kile alikuwa ameiingizia benki faida ya zaidi ya pauni milioni 6. Bonasi aliyopewa ilikuwa sifuri.

Benki ilijitetea kwamba bonasi ni ya kumtia moyo mtu na kumfanya abaki, na huyu alikuwa anaondoka. Jaji akaurudisha mjadala kwenye maneno ya mkataba. Kipimo kilichoandikwa kilikuwa utendaji binafsi. Kumfanya mtu abaki hakukutajwa. Mwenye hiari ya kupanga kiasi alitakiwa apange kwa kipimo alichokiandika mwenyewe, na kwa faida ile hakuna mwajiri mwenye kufikiri sawasawa ambaye angefikia sifuri. Mahakama ikajiuliza: benki ingeamua kwa kufuata kipimo chake, ingelipa kiasi gani? Ikaamuru pauni milioni 1.35.

Hapa watu hupitiliza, wakadhani mahakama itampandishia bonasi kila aliyenung'unika. Haifanyi hivyo. Haiulizi kama uamuzi ulikuwa mzuri, wala kama jaji mwenyewe angetoa zaidi. Inauliza kama uamuzi ulifuata njia ya akili na nia njema. Mwajiri mwenye kumbukumbu za kikao zinazoonyesha alipima matokeo ya mfanyakazi na hali ya kampuni, akatoa kidogo, mara nyingi atashinda. Anayeshindwa ni yule asiye na maelezo yoyote, au ambaye maelezo yake yanapingana na mkataba wake. Kwa hiyo mfanyakazi aliyenyimwa aulize kwa maandishi: nani aliamua, lini, na kwa kigezo gani? Jibu likichelewa, au likibadilika kila barua, hiyo tayari ni sehemu ya ushahidi.

Sasa kamisheni, ambayo mara nyingi huchanganywa na bonasi. Tuseme mkataba unampa muuzaji asilimia 3 ya mauzo, "italipwa mteja akishalipa." Muuzaji anafunga mauzo ya milioni 40 mwezi wa tatu. Mwezi wa nne kampuni inatangaza kwamba kamisheni imeshuka hadi asilimia 1, kwa kuwa mkataba unairuhusu kubadilisha mpango "wakati wowote." Mteja analipa mwezi wa tano. Muuzaji anadai milioni 1.2, kampuni inampa laki 4.

Swali la kwanza hapa ni kamisheni huiva lini. Ikiwa mkataba unasema muuzaji anaistahili mauzo yakifungwa, na malipo ya mteja ni suala la tarehe tu, basi haki ilikwishapatikana mwezi wa tatu. Kipengele cha kubadilisha mpango kwa kawaida husomwa kuwa kinatazama mbele. Kikitaka kugusa kilichokwisha kufanyiwa kazi, lazima kiseme hivyo waziwazi. Lakini mkataba ukisema haki haipatikani hadi mteja alipe, muuzaji yuko mahali pagumu zaidi. Tofauti nzima iko katika kitenzi kimoja: "inastahiliwa" au "inalipwa." Ningemwomba kila muuzaji akitafute kabla ya kutia saini.

Limebaki lile sharti la kuwa kazini siku ya malipo. Mtu aliyejiuzulu na kuondoka kabla, mara nyingi linamfunga. Aliyeachishwa bila notisi aliyostahili ana hoja nyingine: angepewa notisi, angekuwepo. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Matthews mwaka 2020, ilikubali hoja ya namna hiyo. Matthews alisukumwa nje ya kampuni mwaka 2011. Kampuni ikauzwa miezi 13 baadaye, ndani ya muda wa notisi wa miezi 15 ambao mahakama ilisema alistahili, na akapata malipo ambayo mpango wa motisha wa kampuni uliwaahidi wafanyakazi ikiuzwa. Mpango huo ulitaka mtu awe mwajiriwa hai siku ya mauzo, lakini maneno yake hayakutosha kumnyima fidia iliyotokana na kukosa notisi. Maneno ya kumnyima mtu haki hiyo yanatakiwa yawe wazi kabisa, na yakiwa na utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika.