Sita Ndogo Haipo: Mhadhara juu ya Babu, Mjukuu na Ramani ya Pima

Assalamu alaykum. Naona nyuso nilizoziona mwaka jana na mwaka juzi, kwa hivyo wengine mnajua nitaanzia wapi, na huenda mmekuja kwa ajili ya halwa. Hamna neno. Nimepewa mada tatu za kuzungumza usiku huu hapa Lamu. Kwa ninavyojijua, mtapata moja na nusu.

Miaka mingi nilipokuwa nikisomesha hesabu niliandika hadithi fupi ya babu mvuvi anayembadilishia mjukuu wake pima za ramani ya bahari ziwe mita. Nikampelekea mhariri mmoja. Akaniandikia kwamba hadithi ni nzuri ila hesabu ziondolewe, zinachosha. Ni sawa na kumwambia mpishi wa pilau aondoe mchele. Leo nitawasimulia na mchele wake.

Kijana ana miaka kumi na mbili, wanakaa Shela. Ametumwa na mwalimu achague namba tano kwenye ramani yoyote ya bahari azigeuze mita. Ramani ya babu ni ya Waingereza, kuukuu, imekunjwa hata mikunjo imekuwa myeupe. Chini ya jina lake imeandikwa kwamba vina ni kwa pima, ndiyo fathomu. Pima mnaijua: mikono umeinyoosha, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, dhiraa nne. Waingereza nao neno lao lilianzia kwenye mikono iliyonyooshwa, lakini wao waliifunga, wakasema ni futi 6, basi. Futi ni mita 0.3048, kwa hivyo pima ni mita 1.8288. Namba nitakazotaja ni za hadithi, tafadhali mtu asiende nazo baharini.

Kijana anaanza na 7. Anazidisha, anapata mita 12.80. Babu hana kalamu, anasema, "Kumi na mbili na nusu na kitu." Kijana anashangaa. Babu anamwambia: izidishe mara mbili, kisha toa fungu la kumi. Saba mara mbili kumi na nne, toa moja na nukta nne, kumi na mbili nukta sita. Njia hii hupunja kama sentimita 3 kwa kila pima, na babu anajua. Anasema afadhali hesabu ikuambie maji ni machache kuliko yalivyo. Nasikia mwalimu mmoja pale nyuma akinong'ona kwamba hiyo si hesabu sahihi. Bwana, ni sahihi kwa mtu aliyeshika usukani kwa mkono mmoja.

Kisha kijana anafika kwenye 3 yenye 2 ndogo chini, pembeni, hivi: 3₂. Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu nimeona watu wazima wenye vyeti wakiteleza papa hapa. Kijana anaandika 3.2, anazidisha kwa 1.8288, anapata 5.85. Anapiga mstari chini kwa rula. Kazi safi kabisa.

Babu anasema, "Ndoo hapa. Hiyo mbili ndogo ni nini?"

"Nukta mbili, babu."

"Ya nini?"

Kijana ananyamaza. Babu anatoa kamba, ananyoosha mikono mara tatu, halafu anashuka sakafuni na kuweka wayo mbele ya wayo, mara mbili. "Pima tatu na futi mbili." Basi hesabu inakuwa hivi: tatu mara sita ni 18, ongeza 2, futi 20. Futi 20 ni mita 6.10. Kijana anasema ni sentimita 25 tu, babu, mwalimu hatajali. Babu anamwonyesha 3₅. Kwa njia ya nukta ni mita 6.40. Kwa njia ya haki ni futi 23, yaani mita 7.01. Sasa tofauti ni sentimita 61, karibu goti na paja lako.

Halafu babu anampa kazi ambayo mwalimu hakuiwaza. Anamwambia, nitafutie 6 ndogo. Kijana analala kifudifudi juu ya ramani. Anafuata ukingo wa mwamba kwa kidole, anaingia mlangoni baina ya Shela na Ras Kitau, anapanda hadi Manda, anatoka nje upande wa bahari kuu. Anapata 1 ndogo, 4 ndogo, 5 ndogo tele. Adhuhuri inaadhiniwa, wanaswali, anarudi kulala. Sita ndogo haipo. Saba haipo. Tisa haipo.

Bila shaka haipo! Futi sita zikitimia zimeshakuwa pima nyingine. Pima 3 na futi 6 ni pima 4. Ni kama kutafuta saa moja na dakika sitini.

Babu anakunjua ramani ya pili, mpya zaidi, na mara moja kijana anapiga kelele: 2₈! Basi babu anamwambia, hii ni ya mita, hapo ndogo ni fungu la kumi la mita, mita 2 na sentimita 80. Waingereza walianza kuzigeuza ramani zao mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini za zamani hazikutoka majumbani. Maandishi ya pembeni yakiwa yameliwa na mende, tafuta namba ndogo: ukiona 6, 7, 8 au 9, hiyo ni ya mita. Usipoiona hata moja kwenye ramani nzima yenye namba ndogo tele, ni ya pima.

Kuchanganya kuna hatari ya upande mmoja tu, na watu huogopa upande usio wake. Ukiichukulia ramani ya pima kuwa ya mita, utaogopa maji bure, utazunguka, utachelewa chakula. Ukiichukulia ya mita kuwa ya pima, umekwisha. Chukua 2₄. Kwa mita ni 2.4. Ukiisoma kwa pima ni futi 16, karibu mita 4.9. Jahazi linalozama mita mbili na nusu litapita kwa furaha mpaka lisikie mchanga.

Najua atakayesema: siku hizi kuna simu na vyombo vya kupima kina. Nitafika huko.

Sasa nusu ya pili ya hadithi, ambayo mhariri aliipenda bila kujua kwamba nayo ni hesabu. Babu ana madema ukingoni mwa mwamba, mahali penye 10 kwenye ramani yake. Boya la dema moja humpotea. Akienda maji yamejaa, halipo. Akienda kesho maji yamekupwa, lipo, na dema halijaguswa. Babu ameshamjua mwizi: jirani yake wa barazani, ambaye hawasemezani tangu kaskazi iliyopita. Mwizi gani anayerudisha? Babu anasema, mwizi mwenye haya.

Kijana, ambaye sasa amelewa mita, anachukua utepe wa mamake wa kushonea. Anampima babu mikono imenyooka. Sentimita 168. Anauliza, "Kamba ya dema uliipima kwa nini?" Babu anainua mikono yake miwili. Kumi za kina, anasema, na mbili za maji ya bamvua.

Mnaona? Pima 12 za babu ni mita 20.16. Maji ya 10 kwenye ramani ni mita 18.29, lakini hicho ni kina cha maji yaliyokupwa sana. Bamvua ikijaa kwetu huongeza karibu mita 3. Jumla 21.29. Kamba ni fupi kwa zaidi ya mita moja, boya linakwenda chini kama limeitwa. Maji yakishuka, linapanda. Na miaka yote ya nyuma halikuzama, kwa kuwa kamba alikuwa akizipima mwenzake wa chomboni, mrefu kama mnazi, pima yake sentimita 183. Pima 12 za marehemu yule ni karibu mita 22. Alipofariki babu akaanza kujipimia, na ramani ile ile, na hesabu ile ile, kwa mikono mingine.

Mwalimu pale nyuma ameacha kunong'ona. Vizuri. Kosa la njia ya kuzidisha mara mbili lilikuwa upande wa heri. Hili liko upande wa shari. Mwenye mikono mifupi akitia bildi kupima kina akahesabu pima 10 zake, anadhani ana mita 18.29 chini yake, kumbe ana 16.8. Dawa yake si ngumu: pima kamba kwa utepe mara moja, funga alama ya kitambaa kila mita 1.83, na uirudie ikishalowa, kwa kuwa kamba ya nyuzi hubadilika urefu.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka basi. Chombo cha kupima kina kwenye boti za kisasa kinaweza kuwekwa mita, futi au pima, na herufi inayokuambia ni ndogo kuliko punje ya ufuta. Nimewahi kupanda boti ya mtu, sitamtaja, chombo kinasema 9, yeye ametulia kabisa, kumbe ni futi. Mita 2.7 hizo. Kuna pia namba zilizopigwa mstari chini, hizo si kina, ni kimo cha mwamba unaotoka nje ya maji yakikupwa. Kwenye ramani ya pima husomwa kwa futi. Ningependa kueleza. Na bandari mpya ya Lamu kwenye ghuba ya Manda, iliyochimbwa hadi mita 17.5, ukiigeuza pima inakuwa 9 na futi 3 na kitu, na kile kitu hukitupa, hukipandishi, kwenye kina kila mara unashusha. Hiyo ilikuwa mada yangu ya pili. Ya tatu mtaisikia mwakani.

Ah, mnauliza jirani. Babu alimpelekea changu wawili wakubwa, akaketi barazani, akazungumza habari za kusi. Hakusema kwa nini amekuja. Kijana alikaa baina yao na utepe shingoni.

Ramani naiacha hapa mezani, mikono iwe mikavu. Atakayeipata sita ndogo, nauli yake ya boti juu yangu.