Intel kwa dola 68, mara mbili: kusoma chati ya uwiano

Haya jamani, tukae basi, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, projekta yenyewe inaonyesha kama ina malaria. Leo sitaongelea vitu vingi, nataka mstari mmoja tu, ule unaoupata ukichukua bei ya hisa ukaigawa kwa indeksi, yaani namba inayopima soko zima. Kwa Kiingereza unaitwa relative strength. Na kabla mtu hajaniuliza, hii siyo RSI, ile Relative Strength Index. RSI inalinganisha hisa na yenyewe, siku zake za kupanda na siku zake za kushuka, hii yetu inalinganisha hisa na soko zima. Majina yamefanana ndo maana watu kila siku wanachanganya.

Angalieni chati ya Intel hapa, wale watengeneza chipu za kompyuta. Mwishoni mwa Januari 2020 bei iko karibu dola 68. Ikaja korona ikaporomoka, ikainuka, Julai 2020 kampuni ikatangaza kwamba chipu zake za nanomita 7 zimechelewa, hisa ikapigwa kama asilimia 16 kwa siku moja. Afu taratibu ikapanda tena, na Aprili 2021 hii hapa, karibu dola 68 tena. Sasa mtu akiangalia chati hii peke yake atasema nini? Atasema imepona bana, imerudi kileleni, ikivunja hapo ni kununua.

Sasa tugawe. Indeksi yetu ni S&P 500, ile ya kampuni kubwa za Marekani. Januari 2020 ilikuwa kama 3,295. Aprili 2021 ilikuwa kama 4,130. Hisa imerudi palepale ilipokuwa ila soko zima limeshaenda mbele robo nzima, yaani huyu jamaa hajapona, amerudi kwenye mstari wa kuanzia wakati wenzake wako raundi nyingine.

Ukigawa utapata vinamba vya ajabu, 0.0206 na 0.0165, ambavyo havikwambii kitu. Usihangaike navyo. Hiyo namba yenyewe haina maana, hisa ya dola 500 itatoa uwiano mkubwa kuliko ya dola 20 na haimaanishi ina nguvu zaidi, kinachosomeka ni mstari unaelekea wapi. Kwa hiyo mi huwa nachagua siku ya kuanzia naipa 100, kwenye Eksel ukiwa na bei ya hisa safu ya B na indeksi safu ya C ni hivi tu:

```
=(B2/C2)/($B$2/$C$2)*100
```

Hapa nimeanzia mwisho wa 2019, Intel ilifunga 59.85 na S&P 3,230.78, hiyo ndo 100 yetu. Januari 2020 mstari uko kama 111. Aprili 2021, kwa bei ileile ya dola 68, mstari uko kama 89. Bei imefika kilele kilekile, uwiano umeishia chini sana. Hapo ndo unamjua anayeburuza mkia, na unamjua huku bei yake bado inapendeza.

Sasa tuendelee, maana utamu uko hapa. Mwaka 2021 wote Intel ilitoka 49.82 ikamaliza 51.50, imepanda. Aliyekuwa nayo aliangalia akaunti yake akaona kijani akalala vizuri. Lakini S&P mwaka huohuo ilitoka 3,756 ikafika 4,766, karibu asilimia 27, na mstari wetu ukashuka kutoka kama 72 mpaka 58. Mwaka uliofuata soko likageuka, Intel ikamaliza 2022 kwa 26.43, mstari ukafika 37. Sisemi mstari ulitabiri hilo anguko, hapana, hautabiri chochote, unasema tu nani anashindwa sasa hivi, na huyu alikuwa anashindwa soko likipanda na akashindwa tena likishuka.

Upande wa pili nao una mtego wake. Procter & Gamble, wale wa sabuni na pampasi, mwaka 2022 hisa yao ilitoka 163.58 ikashuka mpaka 151.56. S&P ikatoka 4,766 mpaka 3,839. Ukipiga hesabu uwiano umepanda kama asilimia 15, kwenye chati anaonekana kinara kabisa, mstari unapanda mlima, na wewe uliyenunua umepoteza asilimia 7 ya pesa yako (kuna gawio, haya, lakini halikufika huko). Mstari ukipanda maana yake ameshinda soko, na kushinda soko linalozama ni kuzama polepole. Kwa hiyo siku zote weka chati mbili, bei juu uwiano chini, ukiona uwiano unapanda uliza kwanza, ni hisa inapanda au ni indeksi inaanguka?

Kwenye TradingView, ile tovuti ya chati, huhitaji Eksel, unaandika tu kwenye boksi la kutafutia:

```
NASDAQ:INTC/SP:SPX
```

Ila ukishaipata badilisha iwe mstari, toa mishumaa, vile vijiti vyenye ncha za bei ya juu na ya chini ya siku. Mshumaa wa uwiano unadanganya kwenye zile ncha, maana kilele cha siku cha hisa kinaweza kuwa saa nne asubuhi na cha indeksi saa tisa alasiri, ukivigawa unapata namba ambayo haijawahi kuwepo sokoni dakika yoyote. Bei ya kufunga kwa bei ya kufunga, basi. Mi natumia za wiki, za kila siku zina kelele mno.

Lingine lilinikuta mwenyewe. Kuna kampuni nilikuwa naifuatilia kwenye Eksel yangu, asubuhi moja nakuta mstari umeporomoka nusu, nikaanza kutafuta habari mbaya iko wapi, kumbe wamegawanya hisa mbili kwa moja na data yangu haikurekebishwa. Nusu siku imeenda hivyo. Ukiona mstari umekatika wima kama ngazi na hakuna habari yoyote, shuku data kwanza.

Kuna dada pale aliuliza kabla hatujaanza, kwamba anaweza kufanya hivi na Safaricom dhidi ya NASI, indeksi ya hisa zote za soko la Nairobi. Dada yangu unaweza, ila utapata mstari uliolegea. NASI inapimwa kwa ukubwa wa kampuni sokoni, na Safaricom ni mkubwa mno, kuna miaka alizidi nusu ya thamani ya soko lote. Tuseme ana nusu kamili, amepanda asilimia 10 na wengine wote wamekaa tu. Indeksi itapanda asilimia 5, na yote hiyo ni yeye mwenyewe. Ukigawa, uwiano umepanda kama 4.8 tu wakati ukweli amewaacha wenzake kwa 10. Anashindana na kivuli chake. Na akishuka ni hivyohivyo, udhaifu wake nao unaonekana nusu.

Kwa huyo mi ningetengeneza kikapu changu, KCB, Equity, EABL na wengine wawili watatu, kila mmoja nampa 100 siku moja, natafuta wastani wao kila wiki, afu Safaricom namgawa kwa huo wastani. Ni kazi ya saa moja. Haya, nani mwingine ana swali, wewe mwenye shati la bluu.