Grafu Inaonyesha Waliondoka Lini, Haionyeshi kwa Nini

Ndugu zangu wahariri, jambo hili nimelisema sana, na bado nasikia watu wanakodi kamera upya kwa sababu ya mstari mmoja kwenye skrini, ule wa grafu ya YouTube unaoonyesha ni watu wangapi bado wanatazama kila sekunde. Leo nawasomea barua niliyomwandikia mteja.

Anauza mashine za kukaushia mahindi. Tulimrekodia Morogoro filamu ya dakika sita. Alipofungua YouTube Studio akaona karibu nusu ya watu wameondoka ndani ya nusu dakika, akaamua kwamba mtaalamu wetu anachosha: arekodiwe mwingine, siku mbili, kamera mbili, gari na posho. Nikamjibu:

“Dada, tafadhali itazame grafu huku video inacheza. Mtaalamu anaanza kusema sekunde ya 32. Kabla yake kuna nembo, muziki na salamu za mkurugenzi. Katika kila watu 100 walioanza kutazama, 52 ndio waliofika hapo. Wale 48 hawakumwona mtaalamu hata kidogo, kwa hiyo hawezi kuwa ndiye aliyewachosha. Sasa hesabu kuanzia kwake: kati ya 52, 39 walifika dakika ya tano. Robo tatu wamekaa naye zaidi ya dakika nne! Ukirekodi upya, utalipia kubadilisha sehemu inayowashika watu, na ile inayowapoteza itabaki palepale.”

Kuna atakayeniuliza: je, kama waliondoka kwa sababu picha ya jalada iliwaahidi kingine? Swali zuri sana, na hapa ndipo ninapokereka watu wakiiona grafu kama ushahidi uliokamilika. Jalada letu liliandikwa bei. Aliyefuata bei akakutana na salamu, akaondoka. Mwingine pengine alibonyeza kwa bahati mbaya. Grafu inawaonyesha wote wawili kwa mshuko uleule. Tena mistari mingi hushuka mwanzoni, hata ya video nzuri, kwa hiyo linganisha na video zako nyingine za urefu unaokaribiana.

Karibu na dakika ya pili mstari ulipanda kidogo. Pale mtaalamu anataja kiwango cha unyevu ambacho mahindi yanapaswa kubaki nacho kabla ya kuhifadhiwa. Mstari ukipanda hivyo, mara nyingi watu wamerudi nyuma kutazama tena. Mteja alitaka kumwondoa mtu huyohuyo!

Watazamaji waliotoka kwenye tangazo la kulipia watenganisheni na waliokuja wenyewe; hilo tutalizungumza siku nyingine, muda unaniishia. Barua inamalizia hivi:

“Tukate mwanzo kwa kihariri cha ndani ya YouTube Studio. Kiungo, maoni na idadi ya watazamaji vitabaki, na ni kazi ya saa chache. Kihariri hicho hukata tu, hakihamishi kipande, kwa hiyo salamu za mkurugenzi tuzipakie kama video ya peke yake. Kisha tuwatazame watazamaji wapya peke yao. Mstari ukianguka ghafla wakati mtaalamu anazungumza, tusikilize kwanza kama sauti inasikika vizuri na kama maelezo yake ni sahihi. Tukikuta kasoro isiyorekebishika mezani, nitakuandalia bajeti ya kurekodi kipande hicho tu.”