Baridi Moja, Magonjwa Matatu: Mhadhara kwa Wauguzi, Matabibu na Wagonjwa wa Viungo

Ndugu wauguzi na matabibu, na ninyi wazee wangu mliokaa viti vya mbele na mikongojo yenu, naomba nianze na mkono kabla ya maelezo. Nyosheni mkono mmoja, kiganja kikitazama chini. Kila kidole, ukiacha gumba, kina vifundo vitatu: kimoja karibu na ukucha, kimoja katikati, na kile kikubwa kinachotokeza mtu anapokunja ngumi. Mwenye vinundu vigumu kama punje za mahindi pembeni mwa kifundo cha karibu na ukucha, mara nyingi anao ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, ambao hospitalini tunauita osteoathraitisi. Mwenye uvimbe laini, wenye kubonyea kama unga uliokandwa, juu ya vifundo vikubwa vya ngumi na katika maungio ya kiganja na mkono, kwa mikono yote miwili, huyo tumfikirie rumatoidi athraitisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa kiungo. Ugonjwa wa tatu ni jongo, unaotokana na fuwele za asidi ya yuriki kutuama ndani ya kiungo, na huo kwa kawaida hauanzii mkononi bali hupenda shina la kidole gumba cha mguu.

Mitaani magonjwa yote matatu huitwa baridi, na dawa yake kwa wengi ni moja, kidonge cha diklofenaki kutoka duka la dawa. Leo nitawaeleza habari za ndugu wawili wa tumbo moja, ambao nimebadilisha mambo machache yao ili wasitambulike, kwa sababu kisa chao kinaonyesha jinsi jina moja lilivyowapotosha wote wawili.

Dada mkubwa alikuwa na miaka 61, mama lishe, mnene kiasi, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa kwa zaidi ya miaka 20. Magoti yalianza kumuuma polepole, hasa akipanda ngazi au akiinuka kutoka kwenye kigoda, na maumivu yalipungua akipumzika. Nilimuuliza swali ambalo napenda kila mmoja wenu aliulize: asubuhi ukiamka, viungo huchukua muda gani hadi vilainike? Alijibu kwamba akishafika jikoni kuwasha moto vimekwisha kuachia, yaani kama dakika 10 hivi. Ukakamavu usiofika nusu saa huelekea kwenye uchakavu. Unaozidi saa moja huelekea kwenye rumatoidi. Nilipoweka kiganja juu ya pia ya goti na kumwambia akunje na kukunjua, nilihisi mkwaruzo kama wa mchanga. Goti lilikuwa pana kwa mfupa uliotanuka, halikuwa na joto, na misuli ya mbele ya paja ilikuwa imesinyaa. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imepungua upande wa ndani, na vijimfupa vimeota ukingoni.

Majirani walikuwa wamemwambia kwamba uteute wa magoti umekwisha, akawa anakunywa maji ya bamia kila asubuhi. Bamia ni mboga nzuri, nami naipenda, lakini mlenda wake unameng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote na hauna njia ya kufika gotini ukiwa mlenda. Tena katika ugonjwa huu majimaji ya goti mara nyingi huongezeka. Kinachopungua ni gegedu, lile tandiko laini linalofunika ncha za mifupa, na mpaka leo hatuna dawa iliyothibitika kulirudisha.

Bamia hayakumdhuru. Kilichomdhuru ni diklofenaki, aliyoimeza mara mbili kwa siku kwa muda wa miezi minane bila kupimwa. Dawa za jamii hiyo hupunguza maumivu kweli, lakini pia huufanya mwili kuzuia chumvi na maji, hupandisha shinikizo la damu, huchubua tumbo na kuzielemea figo. Shinikizo lake, lililokuwa limetulia, likapanda. Kliniki moja, bila kumuuliza anameza nini kingine, ikamwongezea haidroklorothiazidi, dawa ya kukojosha. Dawa hiyo nayo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Wiki kadhaa baadaye, saa nane ya usiku, aliamka shina la kidole gumba cha mguu wa kulia likiwaka moto, jekundu, limevimba, na hakuweza kuvumilia hata uzito wa shuka. Familia ikasema baridi ya magoti imeshuka miguuni. La hasha, lilikuwa jongo, na lilikuwa limetengenezwa na dawa zake mwenyewe, moja ikiita nyingine.

Hapa matabibu wanisikilize kwa makini. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto na wekundu, hakiitwi jongo mpaka mmejiridhisha kwamba hakina usaha. Mgonjwa akiwa na homa, au ana kisukari, au hali yake ni mbaya, kiungo kivutwe maji kwa sindano siku hiyo hiyo, kwa sababu vijidudu vinaweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu. Kwenye darubini maalumu fuwele za jongo huonekana kama sindano nyembamba. Kipimo cha damu cha asidi ya yuriki kisiwadanganye: wakati wa shambulio kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida, kwa hiyo kirudiwe angalau wiki mbili baada ya uvimbe kutulia.

Kwa kuwa figo zake zilikuwa zimeshachoka kidogo, diklofenaki ilisimamishwa, na tukampa prednisoloni miligramu 30 kwa siku, kwa siku tano. Kolkisini ingefaa pia, kwa dozi ndogo iliyoangalia figo, ila ieleweke kwamba kuharisha ni onyo la dozi kuzidi. Dawa ya kukojosha tuliibadilisha kwa losatani, ambayo husaidia kidogo kutoa asidi hiyo kwenye mkojo. Kwa shambulio la kwanza lenye chanzo kinachoondoleka, hatukumwanzishia alopurinoli. Mwenye mashambulio ya mara kwa mara, au mwenye vinundu vyeupe kama chokaa chini ya ngozi, huyo anaihitaji, na aelezwe mambo matatu tangu siku ya kwanza: huanza kidogo, miligramu 100 kwa siku au pungufu, kisha hupandishwa hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, miezi ya mwanzo inaweza kuleta mashambulio mapya, na asiiache kwa sababu hiyo, lakini upele ukitokea, aiache mara moja na aje hospitali. Kuhusu chakula, bia, maini, figo, nyama nyekundu nyingi, dagaa na soda zenye sukari hupandisha asidi. Kunde na maharage, ambayo watu wetu hukatazwa kila siku, sijaona sababu ya kumnyima mgonjwa wa jongo.

Sasa mdogo wake, mwenye miaka 36, mshonaji. Yeye alianza kudondosha mkasi. Asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya nguo mpaka jua limepanda, alikuwa amechoka siku nzima na amepungua kilo kadhaa. Dada yake, kwa upendo, akamgawia vidonge vyake, kwa sababu ugonjwa ulionekana kuwa wa ukoo. Vidonge vilipunguza maumivu kiasi cha kumwezesha kushona, na hapo ndipo miezi sita ilipotea. Dawa za maumivu hazizuii utando uliovimba kuula mfupa, na uharibifu huo huanza mapema, ndiyo maana tungependa mgonjwa aanze tiba halisi ndani ya miezi mitatu ya dalili za kwanza.

Nilimshika mkono kama ninayemsalimia, nikabana taratibu vifundo vinne vya ngumi kwa pamoja kutoka pembeni. Akauvuta mkono na kukunja uso. Kubana huku hakugharimu senti, na mtu mwenye uchakavu wa viungo kwa kawaida hakumwumizi hivyo. Vifundo vya karibu na ukucha vilikuwa salama, jambo linalotenganisha vizuri ugonjwa huu na ule wa dada yake. Vipimo vya damu vilionyesha uvimbe mwilini na kingamwili za ugonjwa huo, ingawa msisubiri vipimo viwe chanya, kwani wapo wagonjwa ambao havionyeshi kitu.

Tulimwanzishia methotreksati, pamoja na prednisoloni kidogo ya kumvusha wiki za mwanzo, kwa sababu methotreksati huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki, si kwa siku, kwa kuwa wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku. Tulichagua naye Ijumaa, tukaandika neno IJUMAA kwa wino mwekundu kwenye pakiti, na asidi ya foliki tukaiweka Jumatatu. Alipewa uzazi wa mpango, maana dawa hii huharibu mimba, na kipimo cha damu na ini kila baada ya muda uliopangwa. Akipata homa, vidonda mdomoni au michubuko isiyoeleweka, asimeze dozi inayofuata, aje. Na yeyote atakayemwandikia septrini, aambiwe kwanza kuhusu methotreksati, kwa sababu dawa hizo mbili pamoja zinaweza kuuzima uboho.

Kwa dada mkubwa, tiba kubwa haikuwa kidonge. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini ilichukua nafasi ya vidonge, kwani kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Kisha tukamfundisha zoezi: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa, ahesabu hadi tano, aushushe polepole, mara 10 kila mguu, kutwa mara mbili. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiendelea zaidi ya saa mbili baadaye, apunguze idadi, asiache. Kigoda kikabadilishwa kuwa stuli ndefu na jiko likainuliwa juu ya matofali. Swala anasali kitini. Kuhusu uzito, kila kilo moja anayopunguza huondoa takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua, hesabu ambayo yeye aliielewa upesi kuliko wanafunzi wangu, kwa kuwa anajua kubeba ndoo. Mkongojo alikuwa akiushika upande wa goti linalouma zaidi, kama wengi wenu humu ndani ninavyowaona. Unashikwa mkono wa upande wa pili, na kishikio kiwe usawa wa pale kiganja kinapoungana na mkono, mkono ukiwa umening'inia.

Mazoezi hayo hayo mdogo mtu hakupewa wakati vifundo vikiwa na joto. Kipindi hicho tulimtaka apumzishe viungo vilivyovimba na kuvipitisha taratibu tu katika mwendo wake wote, bila kuvikanda kwa nguvu, na mazoezi ya kuongeza nguvu yakafuata uvimbe uliposhuka. Alipokuja wiki ya 10 alikuwa amerudi kwenye cherehani, ukakamavu wa asubuhi ukiwa umebaki dakika 20. Dada yake alifuatana naye, mkongojo ukiwa mkono sahihi, na kila mmoja alikuwa na mkebe wake wa dawa, jina limeandikwa juu ya kifuniko.