Faili Limegoma Kufunguka: Kilo Zipo, Majina Hayapo

(Mhadhara uliotolewa Tabora mjini kwa makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, walimu na wenye steshenari)

Mwangaluka, ndugu zangu. Naona makarani kutoka Urambo, Sikonge na Uyui, naona walimu, na kule nyuma naona vijana wa steshenari ambao ndio wanaobebeshwa lawama faili la mteja likigoma. Leo sitafundisha Excel. Nitazungumzia faili ambalo jana lilifunguka, na leo linakuletea maneno haya:

```
Excel cannot open the file because the file format
or file extension is not valid.
```

Ukiona hivyo, kwanza acha kubofyabofya. Nakili faili lile kutoka kwenye flashi ulipeleke kwenye diski ya kompyuta, kisha nakili tena upate la pili. La kwanza usiliguse. Majaribio yote yafanyike kwenye hilo la pili, kwa sababu flashi iliyoanza kusumbua inaweza kufa ukiwa katikati ya kazi.

Sasa tazama ukubwa wa faili. Likisoma 0 KB, ndani hamna kitu, basi tafuta nakala nyingine. Tazama na jina lake. Nimeletewa mara nyingi faili linaloanza na alama `~$`, mtu anaapa kuwa ndiyo ripoti yake. Siyo. Hiyo ni alama tu ambayo Word au Excel huiweka wakati faili lenyewe liko wazi, ili mwingine ajue nani analitumia. La Word lina baiti 162, la Excel 165. Hakuna fundi atakayekutolea ripoti humo.

Ukubwa ukiwa wa kuridhisha, fungua ile nakala kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, usiogope, na usibonyeze kuhifadhi. Unachotafuta ni herufi mbili za mwanzo kabisa. Faili zima la `.docx` au `.xlsx`, lisilofungwa kwa nywila, huanza na `PK`. Ukiikuta, kuna matumaini. Ukikuta ukurasa mtupu, nafasi tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana yake faili limejazwa sifuri. Hili hutokea sana umeme unapokatika wakati wa kuhifadhi: diski imeshatenga nafasi, maandishi hayajafika. Ukubwa unaonekana sawasawa lakini hakuna cha kutengeneza, na anayekuambia atalitengeneza anataka hela yako. Na ukikuta `<html`, hilo halijawahi kuwa faili la Excel. Ulipakua ukurasa wa tovuti ukajiita `.xlsx`.

Mengine yana dawa nyepesi. Faili lililotoka kwenye barua pepe likikataa, bofya kitufe cha kulia cha mausi, ingia `Properties`, weka tiki kwenye `Unblock`. Mara nyingine faili halina ugonjwa wowote, Windows ndiyo inalitilia shaka. Halafu kuna njia ya Ofisi yenyewe: ndani ya Word au Excel nenda `File`, `Open`, `Browse`, chagua faili, lakini usibofye `Open`. Bofya kimshale kilicho pembeni yake, uchague `Open and Repair`. Excel itakuuliza kama unataka `Repair` au `Extract Data`. Anza na ya kwanza. Ikishindwa, ya pili hujaribu kunusuru tarakimu na fomula peke yake.

Njia hiyo ikigoma, ndipo hasa ninapotaka tukae.

Tangu Ofisi ya 2007, faili la Word au la Excel si karatasi moja. Ni furushi lenye mafaili madogo ndani, limefungwa kwa ufundi uleule wa `.zip`, na ile `PK` ya mwanzo ni alama ya zip. Orodha ya vilivyomo imeshonwa mwishoni mwa furushi. Excel husoma orodha hiyo kwanza. Faili likikatika mkia, orodha imekwenda, na Excel inasema faili zima halifai, ilhali mizigo iliyotangulia imo ndani salama.

Niwape mfano. Karani wa chama kimoja cha tumbaku wilayani Urambo alikuwa na faili la mauzo ya msimu: namba ya mwanachama, jina, kilo, daraja. Laptopu ilikuwa nzito, akaipeleka kwa fundi iwekewe Windows upya. Fundi akahamishia mafaili kwenye flashi, akaichomoa kabla haijamaliza kuandika, akafuta diski. Karani anarudi nyumbani, faili halifunguki. Alikuwa na nakala ya wiki mbili nyuma aliyomtumia mkaguzi kwa barua pepe, nayo ilikuwa na 84 KB. Hili jipya lina 61 KB, na katikati hapo masoko mawili yameingia. Faili linaloongezewa kazi halafu likapungua, limekatwa.

Tulilifungua kwa 7-Zip, ambayo ni ya bure. Bofya kitufe cha kulia cha mausi, `7-Zip`, halafu `Open archive`. Usitumie kifungua zip cha Windows, hicho nacho hutegemea orodha ya mwishoni na kitakuambia furushi ni batili. 7-Zip ililalamika `Unexpected end of archive`, lakini ikaonyesha vilivyomo. Ndani ya `xl/worksheets` kulikuwa na `sheet1.xml`, nzima. Faili la `sharedStrings.xml` halikuwemo.

Hapo ndipo pa kuelewa. Excel haiweki maneno na tarakimu mahali pamoja. Tarakimu hukaa kwenye shiti yenyewe. Maneno hukusanywa kwenye `sharedStrings.xml`, kila neno mara moja tu, na shiti hubaki na namba ya neno hilo. Na kwa kawaida Excel huandika shiti mapema, maneno baadaye. Kwa hiyo faili likikatwa mkia, maneno ndiyo hutangulia kupotea. Mstari mmoja wa shiti ile ulikuwa hivi:

```
<row r="14">
<c r="A14"><v>207</v></c>
<c r="B14" t="s"><v>38</v></c>
<c r="C14"><v>86.5</v></c>
<c r="D14" t="s"><v>9</v></c>
</row>
```

Seli A14 ni mwanachama namba 207. C14 ni kilo 86.5. Zote zipo. B14 ina `t="s"`, maana yake "nenda kwenye maneno, chukua lenye namba 38". Maneno yenyewe hayapo, basi jina la mtu limegeuka 38, na daraja la tumbaku yake limegeuka 9.

Karani akaniambia, "Kaka, sasa kilo bila majina nitamlipa nani?" Nikamwuliza, namba za wanachama si unazo? Akakaa kimya, akaanza kucheka.

Tulifanya hivi. Tulitoa `sheet1.xml`, tukaifungua kwa Notepad, tukabonyeza `Ctrl+H`, tukafuta kila ` t="s"` pamoja na nafasi iliyoitangulia. Tukahifadhi. Hapo Excel haitatafuta tena maneno yasiyokuwepo. Itaona 38 kuwa ni namba ya kawaida. Kisha tukachukua nakala ya lile faili la mkaguzi, ambalo ni zima na ni la kitabu kilekile, tukalifungua kwa 7-Zip na kuitumbukiza shiti yetu ndani ya `xl/worksheets` juu ya ile ya zamani. Faili la mkaguzi linafaa kwa sababu mitindo ya seli ni ileile. Ukitumia kitabu kipya kitupu, namba za mitindo huenda zisilingane na Excel ikagoma.

Tulipolifungua, Excel iliuliza kama ijaribu kurekebisha, tukabofya `Yes`. Mstari wa vichwa ulisomeka 0, 1, 2, 3, maana maneno huhesabiwa kuanzia sifuri. Chini yake kilo zote zimekaa mahali pake.

Majina tuliyarudisha kwa namba za wanachama. Nakala asili ya mkaguzi tuliiita `zamani.xlsx`, tukaifungua pembeni, na kwenye safu mpya tukaandika:

```
=VLOOKUP(A2,[zamani.xlsx]Sheet1!A:B,2,FALSE)
```

Msisahau hiyo `FALSE`. Bila hiyo Excel inaweza kukuletea jina la jirani, na malipo yakienda kwa jirani hiyo ni kesi nyingine. Walioleta `#N/A` walikuwa wanachama wapya, tukawatoa kwenye daftari la mkono.

Daraja lilikuwa na utamu wake. Kwa kuwa kila neno huhifadhiwa mara moja tu, kila mwenye 9 ana daraja lilelile. Tulichukua karatasi ya mauzo ya mtu mmoja mwenye 9, tukaona daraja lake, tukabadilisha safu nzima kwa mkupuo. Hivyo hivyo kwa kila namba. Karatasi chache zikafungua msimu mzima.

Kabla ya kuliamini faili tulijumlisha kilo za kila siku ya soko na kuzilinganisha na karatasi za siku hiyo. Msiruke hatua hii. `sheet1.xml` yenyewe ikiwa ndiyo iliyokatwa, mistari ya chini itakosekana, na macho hayatagundua. Jumla ndiyo itakayosema. Na tafadhali, msipeleke mafaili ya namna hii kwenye zile tovuti za "tengeneza faili bure". Humo mna majina ya watu na mapato yao.

Mwalimu mmoja ameuliza kuhusu Word. Ufundi ni uleule, na bahati ni kubwa zaidi, kwa kuwa karibu maandishi yote yako kwenye `word/document.xml`, ambayo huandikwa mapema. Picha ziko `word/media` na ndizo hupotea. Jaribuni kwanza LibreOffice, nayo ni ya bure. Ikikuta furushi bovu huuliza kama ilirekebishe, na mara nyingi hufanikiwa pale Word iliposhindwa. Ikishindwa nayo, itoeni `document.xml` kwa 7-Zip, mwitumbukize kwenye faili jipya tupu la Word. Kama waraka ulikuwa na picha, Word inaweza kukataa kwa sababu inazitafuta na hazipo. Basi ifungueni kwa Notepad: kila kipande cha maandishi yenu kimo kati ya `<w:t>` na `</w:t>`, na mara nyingine alama ya kwanza huongezewa `xml:space="preserve"`. Mtapoteza herufi nzito, majedwali na mipangilio yote. Mtihani wa kidato cha nne mtaupata, ila mtaupanga upya kwa mkono.