Muhtasari wa Kitaaluma Katika Ombi la Kibali: Kila Sentensi na Kielelezo Chake

Mabibi na mabwana, sitazungumzia fomu, ada wala picha, kwa sababu hayo mnayajua na kila ofisi ya uhamiaji huyatangaza. Nitazungumzia ukurasa mmoja tu, ule ambao mwombaji hueleza elimu yake na kazi alizofanya, kisha akauambatisha na ombi la kibali cha kazi au cha ukaazi. Nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi na nitalisema tena leo, maana bado napokea kurasa zilizoandikwa kana kwamba zinapelekwa kwa mwajiri. Mwajiri amekwisha kumkubali mwombaji, na mkataba wake umo ndani ya jalada. Ofisa anayelifungua jalada hilo ana kazi nyingine kabisa: anataka kujua kama mtu huyu ni yule yule anayetajwa katika vyeti, kama kazi aliyoifanya ni ya aina ile ile inayoombewa kibali, na kama muda anaoudai unatimia. Anasoma akiwa na karatasi nyingine mkono wa pili, na kila sentensi asiyoweza kuilinganisha na karatasi humpotezea muda au humtia shaka.

Tuchukue mfano ambao nimeutunga kwa ajili ya kufundishia, ingawa kila kosa lililomo nimelikuta katika maombi halisi. Mwombaji anaandika mwezi Julai 2023: «Mimi ni mhandisi wa umeme mwenye ari na uzoefu wa zaidi ya miaka tisa katika sekta ya viwanda. Nimesimamia miradi mikubwa, nimeongoza watu, na nimepunguza hasara kwa kiasi kikubwa.» Sasa tuangalie karatasi zilizo nyuma ya maneno hayo. Ana stashahada ya umeme ya miaka mitatu. Ana barua ya kiwanda cha kusindika maziwa inayosema aliajiriwa tangu tarehe ya kwanza ya Machi 2014 hadi mwisho wa Agosti 2017, kwa cheo cha fundi sanifu wa umeme. Ana barua ya kiwanda cha saruji inayosema aliajiriwa tangu mwanzo wa Februari 2018 hadi mwisho wa Juni 2023, kwa cheo cha msimamizi wa zamu wa matengenezo ya umeme. Ana cheti cha kozi ya vidhibiti vya mitambo. Mkataba mpya unamtaka awe fundi sanifu wa umeme.

Mnaona tatizo lilipo? Hakuna karatasi hata moja inayomwita mhandisi, hata ule mkataba wa kazi anayoiendea. Amejipandisha cheo katika ukurasa ambao ulipaswa kumthibitisha, na kwa kufanya hivyo ameligombanisha ombi lake na viambatisho vyake mwenyewe.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloangusha watu wengi kuliko yote. Shirika la Kazi Duniani lina Uainishaji wa Kimataifa wa Kazi, ambao toleo lake linalotumika ni la mwaka 2008, linalojulikana kwa ufupisho wa ISCO-08. Katika orodha hiyo kila kazi ina namba ya tarakimu nne. Mhandisi wa umeme ni 2151, na fundi sanifu wa uhandisi wa umeme ni 3113. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayobeba uzito: kundi la 2 ni la wataalamu, ambao kwa kawaida hutazamiwa kuwa na elimu ya juu ya miaka mitatu hadi sita, na kundi la 3 ni la mafundi sanifu na wataalamu wasaidizi, ambao hutazamiwa kuwa na masomo ya mwaka mmoja hadi mitatu baada ya sekondari. Nchi nyingi zimejenga orodha zao juu ya uainishaji huu. Nyingine zina orodha zao wenyewe, kama Kanada na Uingereza, lakini namna ya kufikiri inafanana: ofisa hutafuta namba inayolingana na kazi, na namba hiyo huamua aina ya kibali, mara nyingi pia kima cha mshahara kinachotakiwa. Mwombaji wetu anapoandika «mhandisi», anamlazimisha ofisa kumpima kwa mizani ya kundi la 2, ambako stashahada yake inaonekana haba, ilhali katika kundi la 3 stashahada hiyo hiyo inatosha vizuri.

Najua kuna atakayesema: «Lakini kazini kila mtu aliniita injinia, na kazi za injinia nilizifanya.» Sikatai. Ila wanaokuita hivyo hawamo ndani ya jalada, na iliyomo ni barua ya mwajiri. Andika cheo kama barua inavyokitaja, herufi kwa herufi, kisha mara moja ueleze majukumu, maana uainishaji huu hupanga kazi kwa kile kinachofanywa, na jina la cheo peke yake halitoshi. Kama mwajiri alikupa cheo kisichoeleza chochote, kwa mfano «ofisa mradi», majukumu ndiyo yatakayokuokoa. Na kama majukumu hayo hayamo katika barua, rudi kwa mwajiri ukaombe barua nyingine kabla hujaandika neno. Usiyaandike wewe ukitumaini kwamba utaaminiwa.

Mwingine hufanya kosa la upande wa pili: hunakili maelezo ya kazi kutoka katika orodha rasmi, neno kwa neno, na kuyabandika kama majukumu yake. Ofisa anayeisoma orodha hiyo kila siku huitambua mara moja, na kuanzia hapo anajiuliza ni nani hasa aliyeandika barua ya mwajiri. Eleza kazi yako kwa vitu ulivyovigusa, iwe ni mota za pampu, mitambo ya kupozea, vidhibiti, vipimo ulivyochukua au kumbukumbu ulizojaza. Katika mfano wetu neno «msimamizi» nalo lina hatari yake, kwa kuwa ofisa anaweza kudhani kwamba miaka ile mitano mtu huyu alipanga zamu tu na hakushika kifaa. Barua ya kiwanda cha saruji, na muhtasari pia, lazima viseme wazi kwamba muda mwingi wa kazi ulikuwa wa kutafuta na kurekebisha hitilafu, na kwamba kuwapangia mafundi wengine kazi lilikuwa jukumu la ziada. Bila shaka iwe hivyo ikiwa ndiyo kweli.

Sasa twende kwenye muda. Mwombaji amedai zaidi ya miaka tisa. Amechukua mwanzo, Machi 2014, na mwisho, Juni 2023, akahesabu miezi yote 112, na hiyo kweli ni miaka tisa na miezi minne. Ofisa hahesabu hivyo. Anachukua barua moja baada ya nyingine: ya kwanza inampa miezi 42, ya pili miezi 65, jumla 107, yaani miaka minane na miezi kumi na moja. Ile miezi mitano ya katikati, Septemba 2017 hadi Januari 2018, ilikuwa ya kozi. Hakuna ubaya wowote katika kozi. Ubaya ni kuificha ndani ya hesabu ya ajira. Pengine kibali kilihitaji miaka mitano tu, na hesabu sahihi ingetosha bila wasiwasi, lakini sasa ofisa amekuta dai lisilolingana na ushahidi, na ana haki ya kutilia shaka mengine.

Ukurasa ule ulipaswa kusomeka hivi:

«Mwombaji ni fundi sanifu wa umeme mwenye stashahada ya miaka mitatu (Kielelezo 1). Kuanzia Machi 2014 hadi Agosti 2017 aliajiriwa kwa saa 40 kwa wiki katika kiwanda cha kusindika maziwa, kwa cheo cha fundi sanifu wa umeme. Alikagua na kutengeneza mota za pampu na mitambo ya kupozea, na aliweka kumbukumbu za vipimo (Kielelezo 2). Kuanzia Septemba 2017 hadi Januari 2018 alihudhuria kozi ya muda wote ya vidhibiti vya mitambo (Kielelezo 3). Kuanzia Februari 2018 hadi Juni 2023 aliajiriwa kwa saa 40 kwa wiki katika kiwanda cha saruji, kwa cheo cha msimamizi wa zamu wa matengenezo ya umeme. Kwa sehemu kubwa ya muda wake alitafuta na kurekebisha hitilafu za mota na vidhibiti. Aidha, aliwapangia kazi mafundi wanne (Kielelezo 4). Jumla ya ajira yake katika fani hii ni miezi 107. Kazi inayoombewa kibali ni ya fundi sanifu wa umeme (Kielelezo 5).»

Hakuna «ari» wala «kiasi kikubwa», na kila sentensi ya kazi na elimu ina karatasi yake. Saa za wiki zimetajwa kwa sababu kazi ya nusu wiki, mahali pengi, huhesabiwa nusu. Mtu ataniambia kwamba ukurasa huu hauna mvuto. Ofisa hatafuti mvuto, na kila sifa unayoiongeza ni dai jingine ambalo hana pa kulithibitishia.

Naona muda unanikimbia, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia haraka. Jina liandikwe kama lilivyo katika pasipoti, kwa mpangilio ule ule. Cheti kikiwa na jina la zamani, sema hivyo katika sentensi moja na uambatishe hati ya mabadiliko. Hati zilizo katika lugha nyingine zipelekwe kwa mtafsiri anayetambuliwa na nchi inayopokea ombi, na cheo katika tafsiri kiwe kile kile ulichokitumia katika muhtasari, kwa sababu nimeona mtafsiri akimgeuza fundi sanifu kuwa mhandisi baada ya mwombaji kujitahidi kote huko. Uliza mapema kama vyeti vinahitaji apostili, ule uthibitisho uliowekwa na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, au njia ya ubalozi kwa nchi zisizomo katika mkataba huo. Waliojiajiri wanahitaji mhadhara wao peke yao. Kwa leo niseme tu kwamba ankara, mikataba ya wateja na hati za kodi ndizo zinazosimama mahali pa barua ya mwajiri.

La mwisho ni kuhusu waajiri wenu wa zamani. Kabla ya kutia saini na tarehe, mpelekee kila aliyeandika barua nakala ya aya inayohusu kampuni yake, aisome na kuilinganisha na kumbukumbu zake, kwa sababu ofisa akiamua kupiga simu, ni yeye atakayeulizwa tarehe, cheo na majukumu.